Deni Lisilolipika: Tengo Kwanza, Kufuta Baadaye

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza hesabu za duka la ami yangu karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, ambalo huuzia hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu sabuni, karatasi za chooni na vifaa vya usafi kwa mkopo wa siku thelathini. Mwaka wangu wa kwanza nilikosea jambo moja lililotugharimu usumbufu mwingi: nilingoja mpaka mteja afunge milango ndipo nikaandika hasara. Faida ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeonekana nzuri kuliko ilivyokuwa, na mwaka uliofuata ukabeba hasara ya mauzo ambayo hayakuwa yake. Tangu hapo nimejifunza kutenganisha mambo mawili ambayo wafanyabiashara wengi wa hapa huyachanganya, nayo ni kutenga fungu kwa madeni yenye shaka na kulifuta deni lililokwisha kufa.

Fungu hilo naliita tengo, nalo si pesa zilizowekwa benki. Ni makadirio yanayoandikwa kwenye leja ili jumla ya wadaiwa inayoonekana kwenye mizania ipunguzwe hadi kiasi tunachotarajia kukipata kweli. Ankara za wateja hubaki kama zilivyo, kila mmoja na deni lake kamili, kwa sababu wakati wa kutenga hatujui ni nani hasa atakayeshindwa kulipa. Kufuta ni hatua ya baadaye, ambapo ankara fulani ya mteja fulani huondolewa kwenye orodha ya wadaiwa.

Swali la kwanza ni kiasi gani kitengwe. Nimeona watu wakichukua asilimia tano ya wadaiwa wote kwa sababu mkaguzi wa duka jirani alifanya hivyo, na asilimia hiyo haielezi chochote kuhusu wateja wao. Njia ninayoitumia ni kuuliza vitabu vyetu wenyewe. Nilichukua miaka mitatu iliyopita, ambamo tulikuwa tumeuza kwa mkopo shilingi 60,000,000. Kati ya hizo, 20,000,000 zilikuwa hazijalipwa siku 30 zilipopita, 6,000,000 zilivuka siku 60, na 1,500,000 zilivuka siku 90. Mwisho wa yote, zilizopotea kabisa zilikuwa 600,000.

Hasara ile ile ya 600,000 ndiyo inayogawanywa kwa kila kiasi. Ukiigawa kwa 60,000,000 unapata asilimia 1, kwa 20,000,000 asilimia 3, kwa 6,000,000 asilimia 10, na kwa 1,500,000 asilimia 40. Maana yake ni kwamba deni ambalo bado halijafika siku 30 hupotea mara chache sana kwetu, lakini likishavuka siku 90, katika kila shilingi mia arubaini hazirudi. Kosa la kawaida ni kuitumia asilimia ya kwanza kwa wadaiwa wote, kana kwamba ankara ya juzi na ankara ya miezi mitano iliyopita zina uzito mmoja.

Hapa pwani kuna jambo jingine la kuzingatia. Hoteli nyingi huishiwa fedha wakati wa masika, na ankara ya Aprili iliyochelewa hadi Julai mara nyingi hulipwa wageni wanaporudi Agosti. Kwa sababu hiyo, anayefunga hesabu mwezi Juni asitumie viwango alivyovipata kwa kuangalia Desemba. Sisi hufunga Desemba, na mimi humwogopa zaidi mteja anayechelewa wakati huo, kwa kuwa vyumba vyake vimejaa na bado hana cha kulipa.

Mwisho wa mwaka mmoja wadaiwa wetu walifikia shilingi 2,394,000. Madeni ya siku 30 au chini yalikuwa 1,200,000, ya siku 31 hadi 60 yalikuwa 600,000, ya siku 61 hadi 90 yalikuwa 300,000, na yaliyopita siku 90 yalikuwa 294,000. Kabla ya kupiga hesabu yoyote niliitoa kwenye kundi la mwisho hoteli moja ndogo iliyodaiwa 174,000, kwa sababu juu yake nilijua mambo ambayo asilimia haiyajui. Tangu Septemba ilikuwa ikinunua vitu vidogo kwa fedha taslimu na kuliacha deni la zamani limelala. Kisha mhasibu wao mpya akaanza kuuliza ni nani aliyepokea mzigo wa Julai. Nilipofungua faili nikakuta hati mbili za kupokelea mizigo zina saini isiyosomeka na hazina muhuri. Mteja anayeanza kubishana juu ya mzigo wa miezi mitano iliyopita, ambao siku ulipofika hakuulalamikia, kwa kawaida hatafuti ukweli wa mzigo bali anatafuta muda.

Kwa makundi yaliyobaki hesabu ilikuwa nyepesi: 12,000, kisha 18,000, kisha 30,000, na asilimia 40 ya zile 120,000 zilizosalia kwenye kundi la mwisho ikawa 48,000. Jumla ni 108,000. Kwa ile hoteli, meneja alikuwa ameahidi kwa maandishi kutulipa 58,000 akiuza samani zake, kwa hiyo nilitenga 116,000 zilizobaki. Tengo lililohitajika likawa 224,000.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tengo la mwaka uliotangulia lilikuwa bado lina salio la 90,000. Hasara inayoingia kwenye hati ya faida na hasara si 224,000, bali ni tofauti tu, yaani 134,000. Debiti ni gharama ya madeni yenye shaka na krediti ni akaunti ya tengo. Ukiiandika 224,000 yote, utakuwa umeihesabu hasara ya jana mara ya pili.

Mwaka uliofuata hoteli ilifunga. Samani zilichukuliwa na mwenye nyumba kwa kodi aliyodai, na ile ahadi ya 58,000 ikawa karatasi tu. Mwezi Agosti nililifuta deni: debiti tengo 174,000, krediti akaunti ya mteja 174,000. Hati ya faida na hasara haikuguswa siku hiyo. Karani aliyekuwa akinisaidia alitaka kuandika gharama nyingine ya madeni mabaya, nikamweleza kwamba gharama ilikwisha kuandikwa Desemba, na kwamba zile 58,000 ambazo hatukuzitenga zitajitokeza zenyewe mwisho wa mwaka kwa kuwa salio la tengo sasa limeshuka hadi 50,000.

Ami hakupendezwa. Aliniambia, "Mwanangu, mtu hajalikana deni, nawe wamfutia?" Nikamjibu, "Sijamsamehe, ami. Nimeliondoa kwenye mizania tu." Tofauti hiyo ni kubwa kisheria. Kufuta ni jambo la ndani ya vitabu vyetu na haki ya kudai inabaki. Kwa hiyo usimwandikie mteja barua kwamba deni lake limefutwa, maana anaweza kuishika kama ushahidi kwamba umemsamehe. Hapa Kenya dai la mkataba lina muda wa miaka sita, na malipo ya sehemu ya deni, au mdaiwa kukiri kwa maandishi yenye saini yake, huuanzisha muda huo upya. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, lakini huko ndiko hati ya kupokelea isiyo na muhuri inapokuumbua. Siku hizi dereva wetu hashushi katoni kabla muhuri haujapigwa.

Nionye pia juu ya njia ya mkato ambayo nimeiona katika zaidi ya duka moja, ya kutoa krediti noti kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili ankara iliyokwama itoweke. Krediti noti ni ya mzigo uliorudishwa, bei iliyopunguzwa au mauzo yaliyobatilishwa. Mzigo wetu ulipokelewa, sabuni ikatumika. Ukiitoa, umepunguza mauzo na kodi ya ongezeko la thamani kwa sababu isiyo ya kweli, na mkaguzi wa KRA ataiona.

Kodi ya mapato nayo haitambui tengo. Zile 134,000 zilizopunguza faida kwenye vitabu ziliongezwa tena kwenye faida hiyo wakati wa kukokotoa kiasi cha kutozwa kodi. Kinachokubaliwa ni deni lililothibitika kuwa baya, na miongozo iliyotolewa mwaka 2011 inataka uonyeshe kwamba ulichukua hatua zote za busara za kudai na bado deni halilipiki, kwa mfano kwa sababu mdaiwa ametangazwa na mahakama kuwa muflisi, au gharama ya kudai inazidi deni lenyewe. Kwa ile hoteli nilihifadhi barua tatu za madai, rekodi ya simu zenye tarehe, ahadi ya meneja, na picha ya lango lililofungwa. Bila faili hiyo, kufuta kwangu kungebaki kuwa maoni yangu.

Novemba, wakati sote tulikuwa tumekwisha kuisahau, iliingia M-Pesa ya 20,000 kutoka kwa yule meneja wa zamani. Karani aliiandika kama mauzo ya fedha taslimu, ambalo ni kosa, maana angeitoza kodi mara ya pili na pia kuacha historia ya mteja bila ukweli. Inavyotakiwa, kwanza unalirudisha deni kwa kiasi kilicholipwa, debiti mteja na krediti tengo 20,000, kisha unaandika malipo, debiti M-Pesa na krediti mteja. Tengo likapanda hadi 70,000. Desemba makundi yalihitaji 130,000, kwa hiyo gharama ya mwaka ikawa 60,000.

Limebaki suala la kodi ya ongezeko la thamani. Ndani ya zile 174,000 kulikuwa na bei ya 150,000 na kodi ya 24,000, ambayo tulikwisha kuipeleka KRA wakati mteja alikuwa bado hajatupa hata senti. Kifungu cha 31 cha sheria ya kodi hiyo ya mwaka 2013 kinaruhusu kuomba irudishwe, baada ya muda uliowekwa kupita au mteja akiwa muflisi kisheria, na kina kikomo ambacho baada yake ombi halipokelewi. Miaka hiyo imewahi kubadilishwa, kwa hiyo soma kifungu kama kilivyo siku unayoomba. La kushika ni kwamba muda huhesabiwa tangu tarehe ya mauzo, si tangu siku uliyolifuta deni. Mimi huandika tarehe mbili kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la faili, ya kwanza ya kuanza kuomba na ya pili ya mwisho wa kuomba. Sikuihesabu kodi hiyo kuwa mali yetu, kwa kuwa bado haijarudi. Na kwa sababu zile 20,000 zilizolipwa zilikuwa na kodi ya 2,759 ndani yake, ombi litakalotoka kwetu litakuwa la shilingi 21,241.