Usirudie slaidi kwenye kapsheni, yalinikuta

"Naandaa posti ya slaidi 6 za asali yangu, niko Tabora. Nataka kapsheni irudie maelezo ya slaidi zote, bei niweke slaidi ya mwisho na kwenye kapsheni pia. Ni sawa? Na hashtegi ziwe ngapi, nipandishe saa ngapi?"

Acha mkuu, acha kabisa! Hiyo bei ya sehemu mbili ndiyo iliyonitoa jasho.

Nauza dagaa, nipo Kigoma. Mwanzoni mwa Mei 2024 nilipandisha slaidi 7 Instagram za kutofautisha dagaa wa chanja na wale wa kuanikwa mchangani. Slaidi ya 7: kilo moja 18,000. Kwenye kapsheni nako nikayarudia yote, neno kwa neno, kwa sababu "mtaalamu" mmoja wa semina alikula elfu 30 yangu akanifundisha "rudia mpaka waelewe". Tarehe 15 Mei Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, dagaa wakapanda, nikaanza kuuza 26,000. Kapsheni nikaihariri fasta. Slaidi je? Posti ikishapanda, picha unaweza kuifuta, lakini maandishi yaliyo juu yake hubadilishi. Na mimi hata kuifuta sikukumbuka! Watu wakanijia inboksi na skrinshoti ya 18,000. Kilo 12 nikawapa kwa bei ya zamani kulinda jina, 96,000 ikayeyuka. Mke wangu hadi leo akiniona na simu anauliza, "Leo tunamgawia nani?"

Kwa hiyo slaidi zibebe yasiyobadilika, kapsheni ibebe yanayobadilika: bei, kiasi kilichobaki, siku ya kusafirisha.

Mstari wa kwanza ndio usiuchezee. Instagram inaonyesha herufi kama 125 tu, halafu inakata na kuweka "more", na jina la akaunti yako linakula nafasi hapohapo. Mimi nilianza, "Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu, tunamshukuru Mungu kwa siku nyingine..." Salamu ikamaliza nafasi yote, dagaa wamebaki ng'ambo ya "more". Siku hizi slaidi ya kwanza inasema "Dalili 3 za dagaa wasio na mchanga", na mstari unasema: "Kilo 40 za chanja kutoka Kibirizi zinapanda basi la Dar Alhamisi." Visome pamoja, vikisema kitu kimoja, futa mstari, andika mwingine.

Chini yake weka kile ambacho picha haikusema. Slaidi yangu ya 3 ni kiganja chenye mchanga. Kapsheni haisemi tena "huu ni mchanga", inasema ulitoka kwenye kilo moja niliyouziwa mimi mwenyewe, mzaliwa wa Ujiji, nikachekwa na mama mkwe mezani.

Wewe kama mzigo ni wa Sikonge, anza: "Lita 40 za Sikonge, zimechujwa wiki hii." Jinsi ya kutambua asali safi waachie slaidi. Na ile bei ing'oe slaidi ya 6 leo, kabla hujapandisha.