Transmitali imesainiwa lakini fomeni bado ana mchoro wa zamani

"Wakuu, nimeanza kazi ya dokyumenti kontrola kwenye jengo la ghorofa, tuna mkandarasi mkuu na wengine watatu (umeme, mabomba, AC). Kila rivisheni nikiipata naituma kwa imeili na transmitali zinasainiwa zinarudi, ila wiki hii tena mafundi wamefunga nondo kwa mchoro wa zamani. Nakosea wapi?"

Mkuu, hiyo imenikuta mimi mwenyewe Dar, jengo la ghorofa tisa, wakandarasi wanne kama wewe. Tatizo ni kwamba unahesabu kazi imeisha mchoro mpya ukishafika, wakati kazi inaisha siku ule wa zamani umerudi mkononi kwako. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mchoro wa slabu ya ghorofa ya tatu tuuite S-204. Rivisheni C ilikuwa na tundu la kupitisha dakti za AC, 600 kwa 400, karibu na gridi ya nne. Alhamisi jioni injinia wa stracha akatuma D, tundu limesogezwa milimita 750 kwa sababu pale pa mwanzo lilikuwa linabanana na bimu. Nikaingiza kwenye rejista, nikaprinti, nikaandika transmitali, ofisi ya mkandarasi mkuu wakasaini asubuhi ya Ijumaa na mtu wa AC akapata nakala yake. Mimi nikajua nimemaliza. Jumamosi zege likamwagwa. Jumatatu fundi wa AC anapanda juu na futi yake, anapima, tundu halipo anapolitaka, anarudi chini kuniuliza mbona mchoro wangu na slabu haviongei.

Nikaenda hadi kwenye kibanda cha fomeni wa fomuweki, nikakuta C imebandikwa kwenye plaiwudi kwa misumari minne, imechorwachorwa na kalamu ya seremala, na ndiyo waliyopimia. D yangu ilikuwa ofisini, mezani kwa aliyesaini, bado imekunjwa. Kutoka ofisini hadi kwenye kile kibanda ni hatua kama mia mbili, na karatasi haikutembea hizo hatua siku nzima ya Ijumaa. Kulikata tundu jipya kwenye slabu iliyokwishakauka ilibidi injinia apige hesabu upya maana unakata nondo, tukasubiri kibali chake, tukaziba lile la zamani, na kazi ya dakti upande ule ikasimama wiki mbili.

Baada ya hapo nilibadilisha vitu vichache tu.

Cha kwanza ni transmitali yenyewe. Najua umezoea ina namba ya mchoro, rivisheni, idadi ya nakala, umetolewa kwa madhumuni gani, tarehe na saini. Mimi nikaongeza safu moja, "rivisheni ya zamani imerudishwa", na kila nakala niliyoprinti nikaipa namba kwa kalamu nyekundu pembeni ya taito bloku, nakala 1 kati ya 5, 2 kati ya 5, hivyo hivyo. Sasa ukija kuchukua D nakala namba 3 lazima uniletee C nakala namba 3, karatasi kwa karatasi. Kama huna, unaandika pale pale kwamba imepotea na mimi napanda juu kuitafuta. Na anayesaini ni yule anayejengea mchoro, yaani fomeni au msimamizi wa eneo. Sekretari wa ofisini anaweza kupokea bahasha, lakini transmitali inabaki wazi kwenye rejista yangu mpaka saini ya fomeni ipatikane. Wakati mwingine inabaki wazi siku mbili, sawa, angalau naiona iko wazi, najua nani wa kumfuata.

Zile C zilizorudi nyingine nachana, moja nabakiza, napiga muhuri IMEPITWA kwa wino mwekundu juu ya mchoro wenyewe, sio pembeni ambako mtu anaweza kukata akatupa, na naweka kwenye faili lake. Usichane zote. Ikija madai ya gharama utaulizwa ukuta ule ulijengwa kwa rivisheni gani na mkandarasi aliipata D tarehe ngapi saa ngapi, na bila ile C na transmitali yake huna cha kujibu.

Cha pili ni nani apelekewe nini. Mwanzoni nilikuwa nagawa kwa fani, mchoro wa stracha kwa mkandarasi mkuu, wa umeme kwa wa umeme, na mtu wa AC ile D aliipata kwa sababu tu aliiomba yeye. Wa mabomba hakupata kabisa, na bomba lake la maji machafu lilikuwa linapita pale pale tundu lilipohamia. Siku hizi jedwali langu la ugawaji linaenda kwa eneo: ghorofa ya tatu, gridi 3 hadi 5, nani wote wana kazi pale, basi rivisheni yoyote ya eneo lile wanapata wote, wengine kwa ujenzi wengine kwa taarifa. Karatasi zinaongezeka ndiyo, ila wa mabomba anaona mapema anapiga kelele kabla ya zege.

Na kabla hujagawa chochote, fungua faili uangalie. Mara nyingi sana nimepata faili limeandikwa hivi:

```
S-204_D.pdf
```

ukifungua ndani taito bloku inasema C, mtu kabadilisha jina tu akasahau ndani, au D kweli lakini hakuna wingu lililozungushiwa sehemu iliyobadilika na kwenye kisanduku cha maelezo ya rivisheni kumeandikwa "marekebisho ya jumla". Hiyo mimi nairudisha siku hiyo hiyo, nauliza kimebadilika nini, kwa maandishi. Huku nikisubiri nafungua C na D nalinganisha kwenye skrini, kwa sababu fomeni hatasoma mchoro mzima upya, ataangalia kwenye wingu tu.

Wavu wa mwisho, na kwangu ndio umeokoa zaidi, ni fomu ya ukaguzi kabla ya kumwaga zege. Injinia wa saiti anasaini nondo, fomuweki, kava, matundu. Tuliongeza mstari mmoja juu: namba ya mchoro na rivisheni iliyotumika, anaijaza fomeni kwa kuangalia karatasi aliyonayo mkononi, halafu fomu inapita kwangu nalinganisha na rejista. Zikipishana, gari la zege halipigiwi simu. Imetokea mara mbili tangu tuanze, mara ya pili ilikuwa ngazi, fomeni ana rivisheni B na mimi nina C, kimo cha kila kipandio kimebadilika. Walifungua mbao asubuhi ile, wakamwaga kesho yake.

Kuhusu wasap, huwezi kuizuia, watu watapiga picha mchoro na kurushiana kwenye grupu na picha yenyewe haina hata taito bloku. Sisi tulikubaliana kwenye kikao cha saiti, ikaandikwa kwenye muhtasari, kwamba picha ya simu ni ya kuulizia tu, hakuna kupimia. Kila Ijumaa mchana nazunguka vibanda vyote na rejista mkononi, naangalia kilichobandikwa na zile karatasi zilizokunjwa nyuma ya mlango. Raundi yangu ya kwanza nilitoka na michoro kumi na moja iliyopitwa. Anza na kibanda cha waliofunga hizo nondo zako wiki hii, mkuu, na ukikuta mchoro wa zamani zaidi ya mmoja niambie hapa transmitali ilikuwa imesainiwa na nani.