Tiketi Isiingie Sprinti Kabla ya Kujibu Maswali Haya Manne

Tiketi ya kazi iliyoandikwa "Mteja alipe oda kwa M-Pesa" hupita kikao cha kupanga sprinti, kile kipindi kifupi cha kazi cha timu ya programu, bila mtu kuuliza kitu. Kila mmoja anaijua M-Pesa, basi kila mmoja anadhani ameielewa kazi. Mimi tiketi ya aina hiyo ndiyo ninayoitilia shaka kuliko zote.

Mwongozo wa Skramu wa 2020, utaratibu wa kufanya kazi kwa sprinti, hautoi orodha ya kukagua. Unachosema ni kwamba kazi iliyo tayari ni ile ambayo timu inaweza kuikamilisha ndani ya sprinti moja. Orodha mnajitungia wenyewe, na ninayoitumia mimi ni fupi:

- Mteja ataona nini akifanikiwa, na ataona nini mambo yakienda mrama?
- Tunamtegemea nani aliye nje ya timu?
- Tutaijaribu wapi, na kwa data gani?
- Wanaoifanya wanaamini itaisha ndani ya sprinti?

Swali la kwanza ndilo linalokula muda, na ni haki yake. Malipo yakienda sawa hakuna la kujadili: mfumo unatuma ombi kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, simu ya mteja inamtaka aweke PIN, analipa, na seva yetu inapokea `ResultCode` 0. Mteja akighairi, inakuja 1032. Salio lisipotosha, inakuja 1. Simu isipopatikana au mwenyewe asipojibu, 1037. Katika kila hali, oda inabaki wazi ili ajaribu tena, au inafutwa? Bidhaa aliyochagua tunamshikia kwa muda gani? Hayo ni ya mwenye bidhaa kuamua, yaani yule anayepanga mfumo wetu ufanye nini. Asipoyaamua mapema, developa atayaamua peke yake usiku, na hakuna atakayejua mpaka mteja alalamike.

Gumu zaidi ni majibu yasipofika kabisa. Mteja amekatwa pesa, ujumbe wa M-Pesa anao, kumbe seva yetu ilikuwa imelala wakati huo. Tiketi iliyo tayari inalitaja jambo hili waziwazi: dakika moja ikipita bila majibu, mfumo uulize wenyewe kwa kutumia `CheckoutRequestID`, na mteja aone maneno "Tunathibitisha malipo yako" badala ya kitufe cha kulipa tena. Ukiandika "malipo yafanye kazi vizuri", kila mtu ataisoma anavyotaka na mjaribu hatakuwa na cha kupima.

Halafu kuna senti. Ombi la malipo la Daraja linapokea shilingi kamili tu. Bidhaa ya shilingi 1,250 ikipunguzwa asilimia 15, inabaki 1,062.50. Tunamtoza 1,062 au 1,063? Ni swali dogo, lakini mhasibu atakuja kuliuliza mwisho wa mwezi, kwa hiyo jibu liandikwe kwenye tiketi sasa.

Kuhusu tunaowategemea: funguo za majaribio developa anajipatia mwenyewe kwenye tovuti ya Daraja. Za malipo halisi zinamhitaji msimamizi wa namba ya biashara, ambaye mara nyingi hayumo kwenye timu na hajui sprinti ni kitu gani. Siridhiki nikiambiwa "idara ya fedha inashughulikia". Nataka jina la mtu na siku aliyokubali. Vikikosekana, tiketi inagawanywa: ya kwanza inaishia kwenye mazingira ya majaribio, ya kwenda hewani inasubiri nje.

Swali la tatu ni jepesi, ila husahaulika: anwani ya `CallBackURL` lazima ifikike kutoka kwenye intaneti. `localhost` ya kompyuta ya developa haitapokea chochote. Seva ya majaribio iwepo kabla ya kuanza.

Kwa swali la nne, makadirio ya ukubwa wa kazi nayatumia kama kipimajoto. Mmoja akisema 2 na mwingine 8, sitafuti wastani. Namwomba wa 8 aeleze anachokiona. Kwa kawaida yeye ndiye aliyekumbuka majibu yasiyofika. Na ikiwa hakuna anayejua kabisa, tunaingiza kazi ya uchunguzi yenye kikomo cha siku moja, na tiketi yenyewe inasubiri.

Sasa, orodha isigeuke geti la askari. Rangi ya kitufe isiizuie tiketi. Hiyo inamalizwa kwa mazungumzo kazi ikiendelea. Na malipo yakikwama kwa wateja walio hewani, hakuna anayefungua orodha, tunazima moto kwanza. Tiketi zipitieni katikati ya sprinti iliyotangulia, ili mwenye bidhaa apate siku za kutafuta majibu. Mkisubiri kikao cha kupanga, atajibu kwa kubahatisha.

Ile tiketi ya M-Pesa ikipita hapo hutoka ikiwa tatu: kulipa pamoja na hali za kushindwa, kuuliza malipo yasiyo na majibu, na kwenda hewani. Mbili za kwanza zinaingia. Ya tatu inangoja simu ya msimamizi.