Kinachoweka kikomo: utando au damu?

"Kwa nini kuingia kwa kaboni monoksaidi kwenye damu ya pafu hutegemea utando ulio kati ya hewa na damu, lakini kwa oksijeni hutegemea mtiririko wa damu?"

Angalia shinikizo la gesi ndani ya damu. Mtu akiwa ametulia, seli nyekundu hukaa kwenye kapilari ya pafu sekunde 0.75 hivi. Shinikizo la oksijeni kwenye damu husawazika na la hewa ya pafu ndani ya sekunde 0.25 tu, kisha oksijeni husubiri damu mpya. Kaboni monoksaidi hunaswa na himoglobini ya seli nyekundu kwa nguvu mno, hivyo shinikizo lake kwenye damu halipandi sana, nayo huendelea kuingia hadi mwisho wa kapilari. Kaboni dayoksaidi hupenya kwa wepesi zaidi, kwa hiyo nayo, kama oksijeni, hutegemea mtiririko wa damu.

Lakini utando ukinenepa kwa makovu, mgonjwa akipanda ngazi damu hupita haraka, huondoka kabla oksijeni haijasawazika, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni hushuka.