Zawadi ya vipodozi kwa wifi

"Nataka kumpelekea wifi zawadi ya vipodozi, ila sijui ngozi yake ni ya aina gani wala anapenda nini. Ninunue nini?"

Dada, usiguse vya usoni. Fandesheni ni bahati nasibu, maana watu wawili weusi sawasawa hutofautiana kwa wekundu au unjano wa ngozi, na ukikosea uso unaonekana wa kijivu. Krimu zenye retinoli nazo hazimfai mjamzito, na mimba changa hutaijua.

Mnunulie mafuta ya mwili ya shea, gramu 200 hivi, yasiyo na manukato, pamoja na mafuta ya midomo yasiyo na rangi. Ngozi ya mwili haina makeke kama ya uso, na manukato ndiyo huwasha wengi. Mwambie tu asiyapake usoni kama ana chunusi.

Dukani tazama lakiri haijaguswa na tarehe ya mwisho wa matumizi haijakaribia. Alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye 12M ina maana miezi 12 tangu kufunguliwa. Krimu isiyoorodhesha viambato, inayoahidi weupe, iache: huenda ina zebaki au haidrokwinoni. Risiti iweke, wifi akitaka kubadilisha.