Kupunguza picha kwa kubofya kulia: usiguse picha asili

*"Nataka nikichagua picha kwenye Mac nikabofya kulia, zipungue zote nizitume WhatsApp. Nimeweka Scale Images kwenye Automator, ukatokea ujumbe, nikabonyeza Don't Add. Niendelee hivyo au nihamie Shortcuts?"*

Ndugu, simama hapo hapo. Hiyo Don't Add uliyobonyeza ndiyo iliyonimaliza mimi.

Ujumbe ule ulikuwa unakuonya kwamba Scale Images inabadilisha faili lenyewe, ukaulizwa kama unataka iwekwe hatua ya kunakili kwanza. Ukikataa, kila picha utakayobofya inaandikwa upya juu yake yenyewe. Hakuna nakala, na ukifungua Trash hukuti kitu, maana hakuna kilichofutwa. Faili ni lile lile na jina ni lile lile, ila ndani limebaki dogo.

Mimi nilifundishwa na jamaa mmoja wa kwenye video. Ujumbe ulipomtokea alibonyeza Don't Add haraka, akasema "hii haina maana, inatupotezea muda," akaendelea. Hadi leo nikikumbuka sauti yake damu inachemka. Mtu anafundisha maelfu ya watu, halafu anaruka onyo pekee lililokuwepo!

Nilikuwa nimepiga kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, huko Mukono, Uganda, picha 412, kila moja pikseli 6000 kwa 4000. Jumapili usiku shangazi wa bibi harusi akaniomba za WhatsApp. Nikachagua zote, nikabofya kulia, Quick Actions, nikapunguza hadi pikseli 1080 upande mrefu. Zikaisha upesi, nikafurahi, nikatuma. Jumatano nikaifomati kadi ya kamera kwa ajili ya kazi nyingine, nikijua picha ziko salama kwenye kompyuta.

Wiki ya pili familia ikataka picha moja kubwa ya ukutani, sentimita 90 kwa 60. Nikaipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Kijana wa kuchapa akaifungua, akaikuza kwenye uso wa bibi harusi, akaniuliza, "Kaka, ile kubwa iko wapi?" Ushanga wa shingoni ulikuwa miraba midogo tu, na mkunjo wa gauni lake la gomesi kwenye bega umegeuka ngazi. Hesabu ni rahisi: sentimita 90 ni kama inchi 35, na pikseli 1080 ukizigawa humo unapata 30 hivi kwa kila inchi. Ile ya asili ingetoa karibu 170, na kwa picha ya kutazamwa ukiwa umesimama mbali kidogo hiyo ingetosha kabisa. Nikakimbilia kadi. Kwa programu ya kurudisha faili nikaokoa picha 61, zingine zilikuwa zimeshaandikiwa juu. Nilirudisha shilingi laki sita, na yule mama hakuninunia hata kidogo, jambo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kinachotoka kiende kwenye folda nyingine, kila mara. Kama unabaki na Scale Images, weka Copy Finder Items JUU yake. Ukiiweka chini, utakuwa unapunguza asili kwanza kisha unanakili zilizokwisha kuharibika.

Mimi siku hizi situmii hata hiyo. Kwenye Automator nafungua Quick Action mpya, pale juu naweka ipokee `image files` ndani ya `Finder`, kisha naburuta Run Shell Script na kuandika:

```
for f in "$@"; do
  d="$(dirname "$f")/ndogo"
  mkdir -p "$d"
  sips -Z 1600 "$f" --out "$d/$(basename "$f")"
done
```

Roho ya yote ni `--out`. `sips` ni amri iliyomo tayari ndani ya Mac, na usipoipa `--out` inafanya uharibifu ule ule wa Scale Images. `-Z 1600` inaufanya upande mrefu uwe pikseli 1600, na ule mwingine unafuata kwa uwiano. Alama za nukuu usiziondoe, la sivyo picha yenye nafasi kwenye jina, kama "Kwanjula Mukono.jpg", itaikwamisha. Na pale kwenye Pass input chagua `as arguments`. Ukiiacha `to stdin`, utabofya na hutaona kosa wala folda mpya, kimya tu.

Kabla ya kuigusa kazi ya mteja, nakili picha tatu kwenye folda ya majaribio na uendeshe hapo. Kisha bofya picha ya asili, bonyeza Command-I, usome Dimensions. Ikisema bado 6000 kwa 4000, na ile ya ndani ya `ndogo` ikasema 1600 kwa 1067, endelea. Na zile ulizokwisha kuzipunguza leo, angalia kadi yako sasa hivi. Kama hujaifomati, itoe kwenye kamera uiweke mezani, usipige hata picha moja juu yake mpaka umezinakili zote.