Andiko la mradi wenu: anzeni na siku za dagaa, bei ije baadaye

Kila likizo ya katikati ya mwaka wa masomo napata wageni wa aina moja hapa Kigoma: vijana wa uhandisi mwaka wa mwisho, wawili wawili, wana andiko la mradi mkononi na swali moja. "Dada, hii tutaiweza?" Nawajibu kwa kuchukua kalamu na kuchora mistari kwenye andiko lao. Leo nitaeleza namna ninavyoichora, kwa kutumia mradi mmoja wa karibuni, kwa sababu ulikuwa na kila kitu kinachowazidi watu wawili.

Walikuwa mmoja wa umeme na mmoja wa mitambo, wote wanasoma Dar. Walitaka kutengeneza kikaushio cha dagaa cha sola kwa ajili ya mwalo wa Kibirizi. Kikaushio kibebe kilo 50 za dagaa wabichi kwa mkupuo, kipime joto na unyevu chenyewe, kijue uzito unavyopungua, kimtumie mwenye dagaa ujumbe wa simu wakikauka, na usiku kiendelee na hita ya betri. Wazo zuri. Anayejua dagaa wanavyooza kwenye chanja mvua ikishika siku mbili hawezi kulicheka.

Swali langu la kwanza halikuwa la pesa. Niliwauliza: mwishoni mtaiambia nini bodi ya chuo, na ili muiambie hivyo mnahitaji majaribio mangapi? Wakafungua ukurasa wa malengo. Kasi tatu za feni, mizigo miwili (kilo 25 na kilo 50), kila hali irudiwe mara tatu ili matokeo yaaminike. Tatu mara mbili mara tatu ni 18. Na jaribio moja la kukausha si la saa moja. Unaanza asubuhi na dagaa waliotoka majini, unapima uzito kila saa, na jua likiyumba unamalizia kesho yake.

Sasa tuangalie kalenda. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti, na wavuvi wengi wanapumzika wiki moja au zaidi kidogo kila mwezi. Likizo ya hawa vijana ilikuwa wiki nne, ambazo ni karibu mzunguko mzima wa mwezi. Toa siku za mwezi mkubwa, toa siku za kuunganisha kikaushio na kusubiri gundi ikauke, toa siku za mvua, maana kwetu masika hayajaisha wakati huo. Walibaki na siku kumi hivi za maana. Kama jaribio moja linakula siku moja na nusu, hapo kuna majaribio sita, saba ukibahatika. Andiko lilidai 18.

"Tutamalizia Juni," akasema yule wa mitambo. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukipanga jaribio la dagaa wabichi ndani ya miezi hiyo, uliza kwanza kwa ofisa uvuvi kama mwaka huo ziwa litakuwa wazi. Usipouliza, unaweza kubaki na mashine nzuri na hakuna cha kutia ndani.

Ndiyo maana naanza na majaribio. Pesa ikipungua unaweza kumpigia mjomba. Siku za dagaa hakuna wa kumpigia.

Tukaja kwenye ukubwa. Hapa hesabu ni fupi, na nashangaa ni wachache mno wanaoifanya kabla ya kuandika namba kwenye kichwa cha mradi. Dagaa mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Ukimkausha mpaka abaki na unyevu wa asilimia 15, kilo 50 zinashuka hadi chini kidogo ya kilo 15. Maana yake lazima uondoe kilo 35 za maji. Kilo moja ya maji kuwa mvuke inataka nishati ya uniti 0.67 hivi, uniti hizihizi za luku. Kwa kilo 35 ni uniti 23 na ushee.

Jua la siku nzuri hapa tuliweke uniti 5 kwa kila mita ya mraba. Lakini kikaushio rahisi hakitumii zote kuondoa maji. Nyingine zinatoka na hewa ya moto, nyingine zinapotelea kwenye kuta. Kwa kikaushio cha kwanza cha wanafunzi nakadiria robo, na hapo sijawabania. Robo ya 5 ni 1.25. Gawanya 23.4 kwa 1.25, unapata mita za mraba karibu 19 za kukusanyia joto ili dagaa wakauke kwa siku moja. Hizo ni zaidi ya karatasi sita za plaiwudi za futi 8 kwa 4 zikiwa zimelala juani. Nani atazibeba? Zitawekwa wapi pale mwaloni? Watu wawili wataziba vipi kila upenyo unaovujisha hewa?

Hita ya usiku ndiyo ilianguka haraka zaidi. Tuseme nusu tu ya maji yaondoke usiku. Hiyo ni karibu uniti 12. Betri ya 12 V na 100 Ah ikijaa ina uniti 1.2. Zinahitajika betri kumi, na kama ni zile za maji au za jeli ambazo huruhusiwi kuzishusha chini ya nusu bila kuziua, ni ishirini. Na bado hujanunua paneli za kuzichaji. Yule wa umeme alikaa kimya, akarudia hesabu kwenye simu yake, kisha akakata mstari mwenyewe kwenye karatasi. Nilimpenda kwa hilo.

Kwa kilo 5 hesabu ileile inatoa kilo 3.5 za maji, uniti 2.3, na mita za mraba zisizofika mbili. Hicho ni kitu cha kuunganishwa kwa siku chache na kubebwa na watu wawili kwenye bajaji ya mizigo. Tena kinajibu swali lilelile la kihandisi. Bodi haitakuuliza kwa nini si kilo 50. Itakuuliza umejuaje kwamba kimekausha vizuri kuliko chanja.

Hatari naipima kwa maswali mawili kwa kila kipande. Je, mmoja wenu ameshawahi kukifanya kikafanya kazi kwa mikono yake? Na kikifa, vilivyobaki vinasimama? Kipande kipya ambacho kikifa kinaua mradi mzima, wawe nacho kimoja tu kwa kila mtu. Hapa walikuwa navyo viwili: mkusanya joto na kupima uzito ndani ya joto. Feni na sensa ya joto na unyevu, DHT22, walishazichezea.

Ujumbe wa simu ulionekana mdogo kwa sababu moduli ya SIM800L ni bei ya chini. Lakini moduli hiyo inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotafuta mtandao inavuta mkondo wa kama ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Ukiilisha kutoka kwenye pini ya bodi yako ya saketi, inajizima na kujiwasha bila kusema kitu, na utalaumu msimbo wako wiki nzima kabla hujashika mita. Dawa ipo, usambazaji wake wenyewe na kapasita kubwa karibu yake, lakini hizo ni siku zinazotoka kwenye zile kumi, kwa kitu ambacho hakikaushi hata dagaa mmoja. Nikakitoa.

Sensa ya uzito nayo ina tabia yake. Ikipata joto inasogeza usomaji hata kama mzigo haujabadilika. Unaijua kwa kuweka jiwe la uzito unaoujua, kuacha kikaushio kipate joto la mchana, na kuangalia namba ikitembea. Walikubali kwamba trei itatolewa kila saa na kupimwa kwenye mzani wa jikoni wa dijitali. Haina mvuto kwenye slaidi, ila data yake inaaminika.

Gharama tukaigusa mwisho, na hapo sikukaa sana. Orodha yao ilikuwa na vifaa tu. Hawakuandika dagaa wenyewe, ambao wananunuliwa kwa beseni kila jaribio. Hawakuandika sensa ya akiba, wakati inayouzwa Kariakoo ikifa Kigoma inasubiri basi au treni. Hawakuandika barafu na kisanduku cha kupeleka sampuli zilizofungwa kwenye maabara yenye oveni, kwa sababu unyevu wa mwisho unathibitishwa kwa kukausha sampuli kwa nyuzi 105 mpaka uzito ugome kushuka. Mimi huwaambia theluthi ya bajeti iwe ya majaribio. Vifaa vikila zaidi ya theluthi mbili, punguza vifaa.

Andiko jipya likawa hivi: kikaushio cha kilo 5, feni yenye kasi moja, sensa mbili za joto na unyevu zinazoandika kwenye kadi, na kulinganisha na chanja ya kawaida iliyowekwa pembeni yake siku hiyohiyo, na dagaa wa beseni hilohilo. Siku moja ya kukiendesha kikiwa kitupu, majaribio matatu ya kulinganisha, na nafasi ya mawili yatakayoharibiwa na mawingu. Feni idhibitiwe ili joto lisipite nyuzi 55 hivi, maana likizidi mapema ngozi ya dagaa inakauka na kuziba maji ndani. Kwa nje anaonekana tayari, ukimvunja katikati bado analegea.

Nikawaomba waongeze sentensi moja kwenye ukurasa wa mipaka: kama hadi siku ya saba ya likizo kikaushio kitupu hakijafikisha nyuzi 45 saa sita mchana wa jua, feni inayodhibitiwa inaondolewa na kinabaki cha hewa kujiendea yenyewe. Msimamizi wao aliipenda sentensi hiyo kuliko michoro.

Yule wa umeme alinitumia ujumbe baadaye: muda ukibaki, warudishe ule ujumbe wa simu? Nilimjibu kwamba muda ukibaki na dagaa wapo, wafanye jaribio la nne.